Kucha Zilizobonyea: Ni Chuma, Fangasi au Jeraha?

Nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, kisha dondosha tone moja la maji katikati ya ukucha wa kidole cha shahada. Ukucha wa kawaida una mgongo, umeinama pande zote mbili, kwa hiyo tone huteleza na kumwagika. Tone likituama palepale, ukucha huo umepoteza mgongo wake na umeanza kubonyea. Madaktari wa ngozi hutumia jaribio hili hili, na halihitaji kifaa chochote.

Kubonyea kukiendelea, kingo huinuka na katikati panakuwa na bonde. Hizo ndizo kucha za kijiko. Hazitokei kwa usiku mmoja. Kwanza ukucha huwa mwembamba na laini, unapasuka au kukatika kwenye ncha unapofua au kumenya viazi. Baadaye unakuwa bapa kama umepigwa pasi. Bonde huja mwisho, na kwa kawaida huonekana zaidi kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia na wa kushoto pia. Kwa mtu mzima, sababu inayojulikana zaidi ya mabadiliko ya namna hiyo ni upungufu wa madini chuma mwilini.

Ni lazima niseme mapema kwamba wengi wenye upungufu wa chuma hawapati kucha za kijiko kabisa. Mtu anaweza kuwa na damu kidogo sana huku kucha zake zina umbo zuri. Kwa hiyo kucha nzuri hazimpi mtu cheti cha afya, ila kucha zilizobonyea kwenye vidole kadhaa vya mikono ni sababu tosha ya kwenda kupimwa damu.

Ukucha unatengenezwa chini ya ngozi, mahali ambapo jicho halifiki. Nyuma ya ule mkunjo wa ngozi pale ukucha unapoanzia kuna shina lake, na kile kinusu-mwezi cheupe tunachokiona kwenye dole gumba ni sehemu ya mbele ya shina hilo. Chembe za pale zinagawanyika haraka na kwa kufululiza, na kazi hiyo inahitaji chuma. Chuma kikipungua kwa miezi mingi, ukucha unaotoka unakuwa mwembamba na dhaifu. Nyama ya ncha ya kidole, inayobanwa kila tunaposhika kitu, inausukuma kutoka chini, na ukucha usio na nguvu ya kushindana nayo unainuka kingo.

Kuna jambo lingine la kukumbuka, kwa sababu litaturudia mara kwa mara: ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu kama milimita 1 tu. Unachokiona leo kwenye ncha ya kidole kilitengenezwa kama miezi sita iliyopita.

Sasa tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano, wa aina ambayo mhudumu yeyote wa kliniki zetu ataitambua. Ni mama wa miaka 38, fundi cherehani mjini, mwenye watoto watatu. Kwa karibu mwaka mzima kucha zake zimekuwa zikikatika, na sasa vidole vitatu vya kila mkono vina bonde. Duka la dawa walimwambia ni fangasi, akapaka krimu kwa miezi minne bila kuona tofauti. Amejizoesha kupaka rangi ya kucha ili wateja wasione. Anachoka akipanda ngazi za jengo alipo na cherehani yake, moyo unamwenda mbio, na jioni kichwa kinamuuma.

Daktari anamwomba afute rangi kwanza. Anatazama umbo, halafu anabonyeza ncha ya ukucha na kuiachia, akiangalia wekundu unavyorudi. Chini ya ukucha pamepauka. Anavuta kope la chini, anaangalia utando wa ndani, kisha anafungua kiganja na kutazama mistari yake. Sehemu hizi tatu, kucha, ndani ya kope na viganja, ndizo zinazosema zaidi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa rangi ya ngozi haizifuniki sana. Lakini jicho la daktari lina mpaka wake. Damu ikiwa imepungua sana, weupe unaonekana wazi. Ikiwa imepungua kidogo, hata mzoefu anaweza kupitwa, na ndiyo maana macho hayatoshi pasipo maabara.

Halafu maswali yanaanza, na hapo ndipo uchunguzi wenyewe ulipo.

“Mama, hedhi yako inachukua siku ngapi?”

“Nane. Ila daktari, mimi tangu zamani ni hivyo hivyo.”

“Na siku ya pili na ya tatu, pedi moja inakaa muda gani?”

“Saa moja, saa moja na nusu. Usiku navaa mbili.”

“Unatoka mabonge?”

Anaitikia kwa kichwa. Daktari anamuuliza, bila kumwaibisha, kama anakula udongo. Anatabasamu kidogo, anafungua mkoba na kutoa kipande cha udongo wa pemba kilichofungwa kwenye karatasi.

Majibu hayo mawili yana uzito kuliko umbo la kucha zenyewe. Hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi huambatana sana na upungufu wa chuma, na wengi huiacha wenyewe chuma kikirudi. Ubaya ni kwamba aina nyingi za udongo zinashika chuma cha chakula tumboni na kukizuia kufyonzwa, kwa hiyo hamu inayoletwa na upungufu inauongeza upungufu wenyewe. Udongo pia unaweza kubeba mayai ya minyoo.

Kuhusu hedhi, hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mwanamke hupoteza kwa kawaida kama mililita 30 hadi 40 za damu kwa mwezi. Ikizidi 80, hiyo ni hedhi nzito. Hakuna anayepima kwa kikombe, ndiyo maana daktari anauliza pedi, mabonge na usiku. Tuseme mama huyu anapoteza mililita 120. Damu yake ilipokuwa bado nzima, kila mwezi ilikuwa inaondoka na miligramu 50 hivi za chuma, yaani karibu miligramu 1.7 kwa siku. Mwili wa kila mtu hupoteza miligramu nyingine moja hivi kwa siku kupitia ngozi na utumbo. Jumla inakaribia 3. Upande wa mapato, utumbo kwa kawaida hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, hata mtu akila vizuri. Upungufu wa kila siku ni mdogo mno kuusikia, lakini ukiuacha miaka mitatu au minne, akiba yote inakwisha.

Akiba hiyo ndiyo inayopimwa kwa kipimo kiitwacho feritini. Fikiria ghala na duka: feritini inaonyesha kilichomo ghalani, na hemoglobini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la HB au wingi wa damu, inaonyesha kilichopo dukani. Ghala linaweza kuwa tupu huku duka bado lina bidhaa. Ndiyo maana kuna watu wanaoambiwa “damu yako ni 12.2, uko sawa”, na bado wamechoka, nywele zinadondoka na kucha zinabonyea. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu HB chini ya gramu 12 kwa desilita kuwa ni upungufu wa damu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Feritini ya mtu mzima ikiwa chini ya 15, ghala ni tupu. Ila kipimo hiki kina mtego: maambukizi na uvimbe wa ndani ya mwili hukipandisha, kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza anaweza kuonekana ana akiba wakati hana. Kwa mtu wa namna hiyo shirika hilo linaanza kushuku upungufu tangu chini ya 70.

Majibu ya mama fundi yanarudi hivi: HB 8.1, feritini 6. Kwenye picha kamili ya damu, chembe nyekundu ni ndogo na zimepauka. Zahanati nyingi hazina kipimo cha feritini, na hapo chembe ndogo zilizopauka, pamoja na historia kama hii, humwezesha mhudumu kuanza matibabu kisha kuangalia kama damu inapanda. Kupanda kwenyewe ni ushahidi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jirani atashauri juisi ya bitiruti, mwingine rozela, mwingine mchanganyiko wa soda na nyanya, kwa kuwa vyote ni vyekundu. Wekundu huo ni rangi ya mmea, hauna uhusiano na chuma. Hata chakula chenye chuma kweli hakitoshi pale damu ilipokwisha kushuka hivi. Ili mama huyu mwenye kilo 60 afike HB 12.5 na ajaze akiba kidogo, anahitaji miligramu zaidi ya 1,000 za chuma ziingie kwenye damu. Gramu 100 za nyama ya ng’ombe zina miligramu 2 na nusu hivi, na mwili unapata labda nusu miligramu tu kati ya hizo. Angehitaji kama kilo 200 za nyama, na huku anaendelea kupoteza kila mwezi. Chakula kinalinda akiba isiishe. Kujaza ghala tupu ni kazi ya dawa.

Dawa yenyewe ni ya zamani na ni ya bei nafuu: vidonge vya salfeti ya chuma vya miligramu 200, ambavyo ndani yake chuma halisi ni kama 65. Siku hizi madaktari wengi wanatoa kimoja kwa siku, au kimoja kila baada ya siku moja, badala ya vitatu kwa siku kama ilivyokuwa zamani. Sababu yake ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Ukimeza kipimo kikubwa cha chuma, hepsidini hupanda na kufunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, na vidonge vinavyofuata vinapita bila faida, vikiacha kichefuchefu na tumbo kufunga. Wengi walioacha dawa kwa kuchafukwa tumbo wangeweza kuendelea vizuri kwa kidonge kimoja siku moja ndiyo, moja hapana.

Namna ya kumeza nayo ina uzito. Tumbo likiwa tupu, au angalau mbali na mlo mzito, pamoja na maji ya machungwa, ndimu au ukwaju. Chai na kahawa zikae mbali. Chai ya rangi inayonywewa na mlo hushika chuma cha maharage, mchicha na dagaa, na inashika cha kidonge pia. Simwambii mtu yeyote wa pwani aache chai. Aisogeze tu, saa moja au zaidi baada ya kula. Maziwa na vidonge vya kalsiamu navyo vizuiliwe saa hiyo. Choo kitakuwa cheusi, na mtu asitishike: ni chuma kilichobaki. Ila choo cheusi kinachong’aa na kunata kama lami, chenye harufu kali, kwa mtu asiyemeza chuma, ni dalili ya damu kutoka tumboni na ni dharura.

Baada ya wiki nne HB ya mama inapaswa kuwa imepanda gramu moja hadi mbili. Ikifika 12, haachi. Anaendelea miezi mitatu mingine hivi ili akiba ijae, maana mwenye kuacha siku ya kwanza anayoambiwa “damu imepanda” kwa kawaida anarudi mwaka unaofuata na HB ileile.

Kucha zenyewe ndizo zitakazochelewa kuliko vyote. Mwezi wa pili ataona kipande cha milimita 6 karibu na ngozi kilicho bapa, chenye nguvu kidogo, huku mbele bonde likiwa palepale. Mpaka unaonekana ukiupapasa kwa kidole kingine. Bonde linasogea mbele polepole, na linakatwa kwa wembe au mkasi kwenye mwezi wa tano au wa sita. Asiyejua hesabu hii hukata tamaa mwezi wa pili na kurudi kwenye krimu ya fangasi.

Vidonge, hata hivyo, ni nusu ya matibabu. Mama huyu alipelekwa kupigwa utrasaundi, na ndani ya kizazi paliko na uvimbe wa fibroidi uliokuwa ukifanya hedhi iwe nzito. Sasa kuna la kuzungumza na daktari wa magonjwa ya wanawake: dawa za kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, au upasuaji, kutegemea ukubwa wa uvimbe na kama bado anataka mtoto. Bila hatua hii angekuwa anajaza ghala lenye tundu. Na akilini mwake kulikuwa na sentensi iliyomchelewesha miaka: “mimi tangu zamani ni hivyo hivyo”. Wasichana wengi hulinganisha hedhi zao na za mama na dada zao, ambao pengine nao wanavuja kupita kiasi, na wote wakaamini ndiyo kawaida.

Tundu si lazima liwe kizazi. Katika maeneo ya pwani na visiwani, minyoo ya safura imenyonya damu za vizazi vingi. Inaingia kupitia ngozi ya mguu peku unaokanyaga udongo wenye mabuu, inajishikiza utumboni, na aina moja yake hunyonya hadi mililita 0.2 kwa siku kwa kila mnyoo. Mnyoo mmoja si kitu; mia moja ni mililita 20 kila siku, na hiyo ni damu nyingi kuliko hedhi nzito yoyote. Utafiti uliofanywa Pemba miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa shule za msingi ulionyesha wazi kwamba safura ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa kuwamaliza chuma. Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 huiua, lakini mtu akirudi kukanyaga udongo uleule peku ataipata tena.

Kwa mwanamume, na kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kucha za kijiko zenye upungufu wa chuma zina maana nzito zaidi. Hawana mahali pa kawaida pa kupoteza damu. Kumpa mzee wa miaka 60 vidonge vya chuma na kumwambia aende nyumbani ni kosa, hata kama damu inapanda. Lazima itafutwe damu inakotoka: vidonda vya tumbo, dawa za maumivu za muda mrefu, bawasiri, kichocho, na saratani ya utumbo mpana ambayo mara nyingi hujionyesha kwa upungufu wa damu kabla ya maumivu yoyote.

Basi fangasi inatambulikaje, kwa kuwa ndiyo jina la kwanza linalotajwa mtu akionyesha ukucha wake dukani? Fangasi haina mpangilio wa haki. Huchagua ukucha mmoja au miwili, mara nyingi wa mguu na hasa dole gumba, na huanzia kwenye ncha au pembeni ikirudi nyuma. Ukucha unakuwa mnene badala ya mwembamba, wa manjano au kahawia, na chini yake kuna unga unaomomonyoka. Kucha kumi za mikono zilizobadilika kwa namna moja, kwa ulinganifu, karibu kamwe si fangasi. Kuna kundi moja tu la mikono linalostahili tahadhari: wanaoshinda na mikono majini, kama mama lishe, wafuaji na wauza samaki. Kwao ngozi ya nyuma ya ukucha huvimba na kuachia, kisha ukucha unatoka na mawimbi, na fangasi aina ya kandida huingia hapo. Bila kukausha mikono na kuvaa glavu, dawa haifui dafu.

Mimi ningependa kila anayeambiwa ana fangasi ya kucha aulize swali moja: imepimwa? Kipimo ni rahisi. Mtaalamu anakata kipande na kukwangua unga wa chini ya ukucha, anauloweka kwenye haidroksidi ya potasiamu ili ukucha uyeyuke, na kutafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini. Kinaweza kukosea kwa kusema hakuna wakati ipo, hasa mtu akiwa amepaka dawa karibuni, na hapo hurudiwa au kuoteshwa. Kinafaa kwa sababu karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye fangasi kweli, na tiba yake si mchezo: terbinafini ya miligramu 250 kila siku kwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 za miguu, kwa tahadhari ya ini. Krimu ya ngozi haipenyi ukucha mnene. Weupe unaotokea karibu na ngozi, nyuma ya ukucha badala ya kwenye ncha, kwa mtu ambaye hajajeruhiwa, ni aina ya fangasi inayoonekana zaidi kwa watu wenye kinga iliyoshuka, na ni busara kupima virusi vya Ukimwi.

Mistari tutaipita haraka, kwani mingi haina neno. Mifereji myembamba inayotoka kwenye ngozi hadi ncha huja na umri, kama mvi. Vidoa vyeupe vinavyoitwa upungufu wa kalsiamu kwa kawaida ni alama za kugonga mahali bila kukumbuka. Mfereji unaokata ukucha kwa upana ndio wenye habari. Ukiwa kwenye kucha nyingi kwa wakati mmoja na kwa umbali uleule, shina lilisimama kazi kwa muda: malaria kali, homa kubwa, upasuaji, dawa za saratani. Daktari Mfaransa Joseph Beau aliielezea mifereji hii mwaka 1846, na hadi leo inabeba jina lake. Pima umbali kutoka kwenye ngozi kwa rula. Milimita 9 ni kama miezi mitatu iliyopita. Lakini ikiwa ni dole gumba peke yake, lenye mifereji mingi iliyopangana katikati kama ngazi, angalia kidole cha shahada cha mkono huohuo. Mara nyingi kinasugua au kuchokonoa ngozi ya nyuma ya dole gumba bila mwenyewe kujua. Kikiacha, ukucha mpya unatoka sawa.

Jeraha nalo hujitambulisha kwa kuwa la ukucha mmoja na kwa kusafiri. Nyundo au mlango wa gari huacha damu nyeusi chini ya ukucha, na doa hilo husogea mbele pamoja na ukucha, nyuma yake pakibaki pasafi. Piga picha leo, piga tena baada ya wiki sita. Doa likiwa limesogea milimita 4, ni damu. Mstari mweusi wa urefu usiosogea ni jambo jingine. Kwetu watu weusi mistari ya namna hiyo, myembamba na kwenye vidole kadhaa, ni ya kawaida sana kadiri umri unavyosonga. Ila mstari mmoja mpya, unaopanuka, wenye kingo zisizoeleweka, au rangi inayomwagikia kwenye ngozi jirani, unahitaji daktari wa ngozi bila kuchelewa, kwani unaweza kuwa saratani ya ngozi. Bob Marley alidhani doa la chini ya ukucha wa dole gumba la mguu lilikuwa la kuumia mpirani. Mwaka 1977 ilithibitika kuwa ni saratani, na ilimuua Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Tukirudi kwenye chuma, watoto wana sheria zao. Mtoto mchanga mwenye kucha za mguu zilizobonyea hana tatizo; ukucha bado ni mwembamba, na hunyooka wenyewe katika miaka ya mwanzo. Hasara ni mzazi kumwanzishia chuma kwa kuona hilo tu. Pemba ilitoa funzo kwa dunia nzima: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku katika eneo lililokuwa na malaria nyingi, bila kuchagua nani amepungukiwa. Sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe, kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi ya wenzao. Tangu hapo mwongozo ni kwamba kwenye maeneo ya malaria chuma cha watoto kiende sambamba na chandarua, vipimo na matibabu ya malaria. Mtoto mwenye selimundu naye huwa mweupe viganja na kucha kwa sababu nyingine kabisa, ya chembe nyekundu kuvunjika, na chuma asichokihitaji kinaweza kumrundikia mwilini.

Vilevile mtu mzima ambaye amemeza dawa yake sawasawa, HB imefika 13, akiba imejaa na miezi sita imepita huku kucha bado ni za kijiko, asiongezewe vidonge. Hapo daktari anauliza kuhusu kazi: fundi wa magari anayeshika petroli na oili kila siku, mtengeneza nywele anayelowa dawa, fundi wa kucha bandia anayetumia asetoni. Anapima tezi ya koo. Anauliza kama nyumbani kuna wengine wenye kucha za namna hiyo tangu utotoni, kwa kuwa zipo familia zinazorithishana. Na anapima tena chuma kuona kisije kikawa kimezidi, maana ugonjwa wa kurithi wa chuma kujaa mwilini nao, kwa baadhi ya watu, hubonyeza kucha vilevile.